Cheti cha Polisi Kisipokuwa Tayari: Namna ya Kumtajia Mwajiri Tarehe

Wananchi wanaoomba kazi, pamoja na watumishi wa Serikali wanaohamia katika taasisi nyengine, aghlabu hukutana na tangazo linalotaka Cheti cha Tabia Njema kutoka Polisi. Tangazo hilo huwa na siku ya mwisho ya kupokea maombi, na mara nyingi siku hiyo hufika kabla ya cheti kutoka. Hapo mwombaji hujikuta baina ya mambo mawili: ama azuie maombi yake mpaka cheti kitoke, na hivyo apitwe na siku ya mwisho, ama ayapeleke maombi sasa na kumweleza mwajiri lini cheti kitamfikia. Njia ya pili ndiyo iliyo sahihi, lakini ina sharti moja: maelezo yanayotolewa yawe na tarehe inayoweza kutetewa.

Maelezo yafuatayo yanahusu namna ya kuipata tarehe hiyo, namna ya kuiandika katika barua ya maombi, na la kufanya iwapo tarehe itabadilika.

KWA NINI CHETI HAKITOKI SIKU HIYO HIYO

Cheti cha Polisi si barua ya sifa. Ni maelezo ya kile kilichoonekana, au kutoonekana, katika kumbukumbu za makosa ya jinai hadi siku cheti kilipotolewa. Ili maelezo hayo yawe ya mtu mwenyewe na si ya mwengine mwenye jina kama lake, utafutaji hutegemea alama za vidole. Katika Visiwa hivi ambamo majina kama Ali Juma na Fatma Khamis yamejaa katika kila Shehia, sababu ya kutotosheka na jina peke yake haihitaji kufafanuliwa sana.

Alama huchukuliwa kwa vidole vyote kumi. Kila kidole huzungushwa kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi ukingo wa pili, kisha vidole vinne vya kila mkono hubandikwa kwa pamoja, na vidole gumba pia, ili ihakikishwe kuwa hakuna kidole kilichoandikwa mahali pa chengine. Karatasi au picha ya alama hizo hupelekwa kwa wataalamu, ambao hulinganisha mistari ya vidole na kumbukumbu walizonazo. Baada ya hapo ndipo cheti huandikwa, husainiwa na kupigwa muhuri.

Kutokana na utaratibu huo, mwombaji anapaswa kufahamu kuwa muda anaotajiwa na ofisi hauanzi siku aliyojaza fomu. Huanza siku maombi yalipokamilika, yaani fomu, malipo na alama za vidole vyote vimepokelewa. Mtu aliyejaza fomu Jumatatu, akalipa Jumatano na kupigwa alama za vidole Ijumaa, kwa hesabu ya ofisi ameomba Ijumaa. Akimwandikia mwajiri kuwa ameomba tangu Jumatatu, tarehe yake yote itakuwa imetangulia kwa siku nne.

KUIPATA TAREHE

Kabla ya kuondoka dirishani, mwombaji amuulize karani maswali matatu na kuyaandika majibu yake. La kwanza, ni siku ngapi tangu maombi kukamilika hadi cheti kuwa tayari. La pili, ni siku za kazi au ni siku za kalenda. La tatu, cheti kitachukuliwa wapi na kwa njia gani: kitafuatwa kwa mkono, kitatumwa katika kituo cha karibu, au kitapelekwa moja kwa moja kwa aliyekihitaji.

Swali la pili ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ndilo linaloharibu hesabu. Chukuliwe mfano wa mkaazi wa Wete, Pemba, anayeomba kazi ya utunzaji ghala katika hoteli moja ya Unguja. Tangazo linataka cheti cha Polisi kisichozidi miezi mitatu. Siku ya mwisho ya kupokea maombi ni Ijumaa tarehe 10 Aprili, 2026, na kazi inaanza tarehe 1 Juni. Mkaazi huyo amekamilisha fomu, malipo na alama za vidole siku ya Jumatatu tarehe 30 Machi, na karani amemwambia kuwa cheti kitachukua siku kumi za kazi.

Akihesabu siku kumi kwa kalenda, atafika Alkhamisi tarehe 9 Aprili, na ataamini kuwa cheti kitapatikana siku moja kabla ya mlango kufungwa. Lakini hesabu ya siku za kazi ni nyengine. Siku ya kuwasilisha haihesabiwi. Tarehe 31 Machi ni siku ya kwanza, tarehe 1 Aprili ni ya pili, na tarehe 2 ni ya tatu. Tarehe 3 ni Ijumaa Kuu. Tarehe 4 na 5 ni Jumamosi na Jumapili. Tarehe 6 ni Jumatatu ya Pasaka, na tarehe 7 ni Siku ya Karume. Kazi inarejea tarehe 8, ambayo ni siku ya nne. Tarehe 9 ni ya tano na tarehe 10 ni ya sita. Baada ya mwisho wa juma, tarehe 13 ni ya saba, 14 ni ya nane, 15 ni ya tisa, na siku ya kumi ni Alkhamisi tarehe 16 Aprili.

Kwa hivyo siku ile ambayo mwombaji angeamini kuwa cheti kimetoka, ofisi itakuwa ndiyo kwanza iko katika siku ya tano. Aliyemwahidi mwajiri tarehe 9 atakuwa hakusema uongo kwa kusudi, lakini mwajiri ataliona jambo moja tu: tarehe imepita na cheti hakipo.

Hata tarehe 16 Aprili siyo ya kumtajia mwajiri. Hiyo ni siku cheti kitakapokuwa tayari ofisini, na siyo siku kitakapokuwa mezani kwa mwajiri. Ikiwa cheti kinafuatwa kwa mkono, kuna siku ya kukichukua. Kwa mkaazi wa Pemba kuna pia safari ya boti, na kuna uwezekano wa bahari kuchafuka. Mwombaji wa mfano huu aweke siku tatu za kazi juu ya tarehe ya ofisi, yaani tarehe 17, 20 na 21, na amtajie mwajiri Jumanne tarehe 21 Aprili. Cheti kikifika mapema hakuna atakayelalamika.

KUPELEKA MAOMBI BILA YA CHETI

Kabla ya kuandika barua, tangazo lisomwe tena kwa makini ili ijulikane cheti kinatakiwa wakati gani. Yapo matangazo yanayotaka cheti kiambatanishwe na maombi. Yapo mengine yanayokitaka kwa atakayechaguliwa tu, kabla ya kuanza kazi. Katika aina hii ya pili hakuna tatizo, na inatosha kueleza kuwa cheti kimeshaombwa.

Katika aina ya kwanza, hasa pale tangazo linaposema kuwa maombi yasiyokamilika hayatashughulikiwa, maelezo mazuri peke yake hayawezi kulishinda sharti. Mwombaji anapaswa kumuuliza mwajiri kabla ya siku ya mwisho, kwa simu au kwa maandishi, kama stakabadhi ya Polisi itapokewa mahali pa cheti kwa muda. Jibu likiwa ndiyo, jina la cheo cha aliyejibu na siku aliyojibu vitajwe katika barua. Jibu likiwa hapana, mwombaji amejua mapema, na hakupoteza safari.

Barua yenyewe haihitaji kurefushwa. Aya moja yatosha, nayo iwe na mambo manne: lini maombi ya cheti yalikamilika na nambari ya stakabadhi, ofisi imesema muda gani, tarehe ambayo cheti kitamfikia mwajiri, na nini kitafanyika ikiwa tarehe itabadilika. Kwa mkaazi wa Wete, aya hiyo inaweza kusomeka hivi:

“Cheti cha Tabia Njema kinachotakiwa katika tangazo lenu nimekiomba, na maombi yangu yalikamilika tarehe 30 Machi, 2026, kwa stakabadhi ambayo nakala yake nimeiambatanisha. Nimeelezwa na ofisi ya Polisi kuwa kitachukua siku kumi za kazi, ambazo kwa kutoa siku za mapumziko zinaishia tarehe 16 Aprili. Natarajia kukileta ofisini kwenu si baada ya Jumanne tarehe 21 Aprili. Iwapo kutatokea mabadiliko, nitakuarifuni kabla ya tarehe hiyo. Afisa Utumishi wenu alinieleza kwa simu tarehe 1 Aprili kuwa maombi yatapokewa kwa utaratibu huu.”

Ifahamike kuwa aya hiyo haisemi chochote kuhusu kilichomo ndani ya cheti. Mwombaji hasemi kuwa cheti “kitakuwa safi” wala kuwa “hakuna wasiwasi”. Hilo ni la Polisi kulisema. Kazi ya mwombaji ni kutaja lini, siyo kutabiri nini.

Maneno yanayopaswa kuepukwa ni yale yasiyo na siku ndani yake: “kinashughulikiwa”, “kiko njiani”, “muda si mrefu”, “wiki ijayo”. Afisa anayepanga mafaili hawezi kuandika “muda si mrefu” katika safu ya tarehe, na faili lisilo na tarehe huwekwa chini. Neno Inshaallah ni la adabu na mahali pake lipo, lakini huja pamoja na tarehe, halikai mahali pa tarehe.

Aliye na cheti cha zamani, mathalan cha mwaka 2023, anaweza kukiambatanisha, ila aandike wazi kuwa ni cha mwaka huo na kwamba kipya kimeombwa. Kukiweka kimya kwa matumaini kuwa msomaji hataitazama tarehe ni jambo linaloweza kuhesabiwa kuwa ni udanganyifu. Kuibadilisha tarehe yake ni kughushi, na hilo ni kosa la jinai lenyewe.

YANAYOCHELEWESHA, NA NAMNA YA KUYATAMBUA MAPEMA

Sababu ya kwanza ni alama za vidole zisizosomeka. Watu wanaofanya kazi nzito za mikono, kama waashi, wasuka kamba za usumba na akina mama wanaolima mwani, huenda mistari ya vidole vyao ikawa imelika. Jasho na wino mwingi pia huharibu. Alama nzuri hutambulikana kwa macho: mistari huonekana mmoja mmoja kama nyuzi za kitambaa. Ikiwa kidole kimetoa doa jeusi tupu au kivuli hafifu, mwombaji amuombe askari kwa adabu kirejewe hapo hapo. Kurejea papo hapo ni kazi ya dakika chache. Kurejeshewa karatasi baadaye ni kuanza hesabu upya.

Sababu ya pili ni majina yasiyolingana. Kitambulisho kinasema Khamis, cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi, na vyeti vya skuli vina majina mawili badala ya matatu. Kabla ya kujaza fomu, mwombaji aziweke nyaraka zake pamoja na kuzisoma herufi kwa herufi, na fomu aijaze kwa jina lililo katika kitambulisho. Penye tofauti, ofisi ielezwe siku hiyo hiyo na iulizwe uthibitisho gani unahitajika.

Sababu ya tatu ni malipo yasiyooanishwa na maombi. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba maalum ya malipo, na stakabadhi yenye namba hiyo ndiyo inayounganisha fedha na fomu. Ihifadhiwe, na nakala itolewe kabla ya kukabidhiwa yeyote.

Anayengoja asingoje hadi siku ya mwisho ndipo aulize. Siku mbili kabla ya tarehe ya ofisi inafaa kuulizia, kwa kutaja nambari ya stakabadhi.

Katika mfano wetu, chukuliwe kuwa mkaazi wa Wete ameulizia Jumanne tarehe 14 Aprili, akaambiwa kuwa vidole viwili havikusomeka. Tarehe 15 amepigwa alama upya, na ofisi imesema hesabu inaanza tena kwa siku kumi za kazi. Siku ya kwanza ni tarehe 16 Aprili. Siku ya Muungano, tarehe 26, imeangukia Jumapili na haiongezi kitu. Siku ya kumi ni Jumatano tarehe 29 Aprili. Akiweka siku zake tatu, atakuta kuwa tarehe 30 Aprili ni siku ya kazi, tarehe 1 Mei ni mapumziko ya Siku ya Wafanyakazi, kisha mwisho wa juma, halafu tarehe 4 na 5 Mei. Tarehe mpya ni Jumanne tarehe 5 Mei.

Barua ya pili iandikwe siku hiyo hiyo ya tarehe 15, siku sita kabla ya ahadi ya kwanza kufika. Nayo iseme mambo matatu tu: kilichotokea, tarehe mpya, na uthibitisho wake:

“Katika barua yangu ya maombi nilitaja tarehe 21 Aprili. Ofisi ya Polisi imenieleza kuwa alama za vidole viwili hazikusomeka, na leo nimepigwa alama upya. Tarehe ninayotarajia sasa ni 5 Mei, 2026. Nakala ya uthibitisho wa leo nimeiambatanisha.”

Mwajiri aliyeipata barua hii tarehe 15 bado ana wiki sita na zaidi kabla ya kazi kuanza tarehe 1 Juni, na anaweza kuendelea na usaili. Mwajiri aliyenyamaziwa hadi tarehe 22 ana faili lenye ahadi iliyovunjika. Ucheleweshaji katika hali zote mbili ni ule ule. Kilichotofautiana ni kuwa mmoja aliambiwa kabla na mwengine aliligundua mwenyewe.

WALIOPATA KUISHI NJE

Baadhi ya waajiri hutaka cheti kutoka kila nchi ambayo mwombaji aliishi kwa muda uliotajwa. Katika hali hiyo pana tarehe mbili au zaidi, na inayomhusu mwajiri ni ile ya mwisho. Mzanzibari aliyefanya kazi Mombasa, kwa mfano, atahitaji cheti cha Kenya, ambacho hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai ya nchi hiyo. Maombi na malipo hupitia mtandao wa Serikali uitwao eCitizen, na alama za vidole huchukuliwa katika fomu inayojulikana kwa nambari C24. Asiyeweza kwenda mwenyewe ahesabu pia siku za kuisafirisha fomu, na asizichanganye siku za mapumziko za Kenya na za huku. Barua itaje kila cheti na tarehe yake mbali mbali, ili mwajiri ajue kipi kinatangulia.

KWA MAAFISA UTUMISHI

Afisa anayepokea maombi ya namna hii aandike juu ya faili tarehe iliyotajwa na nambari ya stakabadhi, na faili lipangwe kwa tarehe hiyo. Stakabadhi inathibitisha kuwa cheti kimeombwa, haithibitishi yaliyomo. Kwa hivyo mwombaji anaweza kuitwa katika usaili, na hata kupewa barua inayoweka wazi kuwa ajira itathibitishwa baada ya cheti kupokewa, lakini asianze kazi iliyofungamanishwa na sharti hilo kabla halijatimizwa.

Kwa upande wake, mwombaji aliye kazini asiandike barua ya kuacha kazi kwa kuitegemea tarehe ya cheti. Tarehe hiyo, hata ikihesabiwa vyema, ni ya matarajio. Barua ya kuacha kazi isubiri mpaka cheti kiwe kimepokewa na mwajiri mpya, na uthibitisho wa ajira uwe umetolewa kwa maandishi.